Laki Sita Zisizoonekana Kwenye Leja

Mlinzi wa ghala lenu halipwi na ninyi, analipwa na kampuni yake ya ulinzi. Mwisho wa mwezi kampuni hiyo inaleta ankara ya shilingi 5,900,000, lakini benki inaingiziwa 5,650,000. Hizo 250,000 zilizobaki hazijaliwa na mtu. Ni kodi ya zuio: sheria ya Tanzania inamtaka mlipaji akate asilimia 5 ya ada ya huduma anapomlipa mtoa huduma mkaazi, kisha aipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha. Aliyekatwa anaihesabu kama sehemu ya kodi yake ya mapato.

Hesabu inaanzia kwenye thamani kabla ya VAT. Ukitoa VAT ya asilimia 18, ankara ile inabaki 5,000,000, na asilimia 5 yake ndiyo 250,000. Anayekokotoa kwa 5,900,000 atakata 295,000, na mtoa huduma atakuwa amepunjwa 45,000.

Sasa tuseme mkaguzi wa ndani anafika katika kampuni hiyo ya mfano kupima malipo ya Mei. Mhasibu anamfungulia leja ya kodi ya zuio. Kuna makato mawili: 250,000 za ulinzi na 200,000 za mkandarasi aliyejenga ghala jipya. Jumla 450,000. Upande wa pili kuna malipo ya TRA, 450,000. Salio ni sifuri, kila kitu kinaonekana shwari.

Mkaguzi mgeni angeweka vema na kwenda zake. Mzoefu anaifunga leja hiyo na kuomba taarifa ya benki ya Mei pamoja na vocha zote za malipo. Leja ya kodi inaonyesha kilichokatwa tu. Kilichosahaulika hakiwezi kuwamo. Kwa hiyo anaanzia kwenye fedha zilizotoka, na kwa kila mlipwaji anajiuliza: huyu kalipwa kwa ajili ya nini? Hasahau daftari la fedha taslimu, maana mafundi na washauri wengi hulipwa kupitia huko.

Malipo ya mkandarasi yanamsimamisha kidogo. Ankara ilikuwa 10,000,000 kabla ya VAT, mbona zimekatwa 200,000 tu na si 500,000? Lakini hapo mhasibu hakukosea. Katika kazi za ujenzi, sheria inagawa malipo kwa uwiano wa 3 kwa 2 kati ya vifaa na huduma. Huduma ni 4,000,000, na asilimia 5 yake ni 200,000.

Vocha ya tatu ndiyo yenye jambo. Mwenye nyumba ya ofisi amelipwa kodi ya pango ya miezi sita, shilingi 6,000,000, bila kukatwa hata senti. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, yaani 600,000. Anapoulizwa, mhasibu anajibu, "Mzee alisema anataka hela yake kamili, hayo ya kodi tutajuana wenyewe." Hayo si mapatano ya kuisha kati ya wawili. Mlipaji asiyekata anadaiwa kodi ileile kana kwamba aliikata, na kumfuata mzee amrudishie ni shauri lake.

Linabaki suala la tarehe. Vocha ya kulipa TRA imeandikwa 5 Juni na kugongwa muhuri wa IMELIPWA. Mkaguzi hatosheki na muhuri, kwa sababu muhuri unakaa kwenye droo ya ofisi hiyohiyo. Anatafuta namba ya kumbukumbu ya malipo kwenye taarifa ya benki, na kukuta fedha zilitoka 19 Juni. Siku ya mwisho ilikuwa 7 Juni. Zimechelewa siku 12, na ucheleweshaji huzaa riba. Katikati ya siku hizo mishahara ililipwa. Kwa maneno mengine, kodi ya watu wengine ilitumika kuziba pengo la kampuni.

Kwa hiyo leja iliyobalansi ilificha makosa mawili. Kodi ya Mei ilipaswa kuwa 1,050,000, ikalipwa 450,000, nayo ikachelewa. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingeonekana kwa kulinganisha makato na malipo ya TRA peke yake.

Na wewe uliyekatwa, usiridhike kuambiwa "tumeshapeleka". Dai cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako, kiasi na mwezi wa malipo. Ukienda kukokotoa kodi yako ya mwaka bila cheti hicho, huna cha kuonyesha kwamba zile 250,000 ulishazilipa.