Kopo la Kreatini Hosteli

Juma hili nakusimulia kisa cha mpwa wangu, ambaye hapa nitamwita Rehema. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anakaa hosteli hapa Dar es Salaam na kuichezea timu ya chuo netiboli. Mwenzake wa chumbani alinunua kopo la unga mweupe uitwao kreatini, akamgawia. Maelezo ya kopo yalisema gramu 5 mara nne kwa siku kwa juma la kwanza. Rehema akafuata.

Siku ya saba akapanda mizani ya duka la dawa. Alikuwa kilo 56, sasa mizani inasoma 57 na nusu. Wasichana wa hosteli hawakumhurumia: wakamwambia atatoka mabega kama ya kuli wa bandarini, na sauti nayo itakuwa nzito. Usiku ule hakula. Kesho yake akapunguza na maji ya kunywa, ili kilo ishuke. Jioni, katika mazoezi, jua likiwa bado kali, akaona kizunguzungu akakaa chini uwanjani.

Aliyemsaidia ni mama mlezi wa hosteli, nesi mstaafu. Alimnywesha maji, akamlisha, ndipo akamwuliza. Rehema alipoonyesha kopo, mama akacheka kidogo. "Mwanangu, hii si homoni. Hata wewe mwenyewe unaitengeneza."

Na ni kweli. Ini na figo hushirikiana kutengeneza kreatini, takriban gramu moja kwa siku, na nyingine tunaipata katika nyama na samaki. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe mbichi ina gramu 2 hivi. Karibu yote huwekwa ndani ya misuli. Huko kazi yake ni kama ya betri ya akiba: mchezaji anaporuka au kukimbia kwa kasi, nguvu ya papo hapo ya msuli huisha kwa sekunde chache, na kreatini huirudishia chaji. Ndiyo maana humfaa Rehema katika mbio fupi za kurudiarudia, au kunyanyua chuma mara moja zaidi kabla ya kuchoka. Kwa mbio ndefu za polepole faida yake ni ndogo. Na bila mazoezi haijengi mabega ya mtu yeyote. Sauti nzito ni mambo ya homoni za kiume na dawa za jamii hiyo, ambazo ni kitu kingine kabisa.

Sasa kilo ile moja na nusu ilitoka wapi? Mama mlezi alichukua futi ya fundi cherehani akampima kiuno, mkono wa juu na paja. Rehema alikuwa na vipimo vyake katika daftari, maana mwezi uliopita alishonewa sare. Kiuno kilikuwa kilekile. Mkono, kilekile. Paja lilizidi kwa upana usioonekana kwa macho. Kreatini inapoingia katika msuli huvuta maji pamoja nayo, nayo hukaa humo ndani ya nyama, si chini ya ngozi wala tumboni. Dozi kubwa ya gramu 20 huijaza ghala kwa juma moja, kwa hiyo mizani hushtuka ghafla. Mafuta hayawezi kuongezeka hivyo kutokana na unga usio na chakula cha kutosha hata kijiko kimoja cha ugali.

Mimi binafsi naona lawama iko kwenye ile dozi ya kwanza, ambayo wala haikuwa ya lazima. Gramu 3 kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa, hufikisha misuli palepale kwa majuma manne hivi, na kilo hupanda taratibu au isipande kwa kuonekana. Tena tumbo haliharishi, jambo linalowapata baadhi ya wanaomeza nyingi kwa mkupuo. Anayeacha kabisa, ghala hurudi kama zamani baada ya mwezi au zaidi kidogo.

Mama alimpa onyo moja. Kreatini huacha taka iitwayo kreatinini, ambayo ndiyo hospitali huipima katika damu kuangalia figo. Mtumiaji aweza kupata namba ya juu ilhali figo zake ni nzima, basi amwambie daktari mapema. Mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito asiguse bila ushauri wa daktari.

Rehema alirudi kwenye kijiko kimoja, na chakula chake cha jioni. Baada ya majuma sita akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Sketi ya sare bado inanitosha." Mizani ilikuwa 57. Robo ya mwisho ya mchezo, akaniambia, siku hizi anaimaliza akikimbia.