Mtandao Ukikatika Baada ya Kubonyeza "Lipa"

Hadithi ya mtumiaji ni sentensi fupi inayotaja jambo ambalo mtu anataka kulifanya kwa kutumia programu, na sababu ya kulitaka. Umbo lake maarufu lilianzia katika kampuni ya Connextra ya London mwaka 2001: nikiwa fulani, nataka jambo fulani, ili nipate faida fulani. Hadithi za aina hii hupangwa katika orodha ya kazi zinazosubiri, na zile za kuanza nazo hukaa juu.

Programu ya simu ya kikundi cha kuweka na kukopa inaweza kuwa na hadithi hii: "Nikiwa mwanachama, nataka kulipa hisa yangu ya wiki kwa simu, ili nisibebe fedha taslimu kwenda kikaoni." Kila mtu anaielewa, na hapo ndipo penye hatari, maana kila mtu anaielewa kivyake. Ron Jeffries, mwaka huohuo wa 2001, alisema hadithi ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Vigezo vya kukubalika ndiyo uthibitisho wenyewe, na huzaliwa pale mweka hazina, mtengenezaji na mjaribu programu wanapoulizana maswali.

Kigezo huandikwa kwa kutaja hali, tendo na matokeo. Cha kwanza huja chenyewe: ikiwa mwanachama anadaiwa hisa ya shilingi 5,000 na ana salio la kutosha, anapothibitisha malipo, basi deni linafutika na risiti inaonekana. Mjaribu ndiye huuliza swali gumu: je, mtandao ukikatika katikati? Simu haiwezi kujua kama ombi halikufika au limefika ila jibu ndilo lililopotea. Mwanachama akibonyeza tena, huenda akakatwa 10,000.

Kwa hiyo kigezo cha pili husema: ikiwa malipo yametumwa na jibu halijarudi, mwanachama anapofungua programu tena, basi anaona "Malipo yanasubiri uthibitisho", na hata akirudia malipo hayo anakatwa mara moja tu. Namna seva itakavyotambua malipo yaliyorudiwa haiandikwi hapa. Hilo ni la watengenezaji kuamua.

Kigezo kibovu hujulikana kwa urahisi: wajaribu wawili wakikisoma hutoa majibu tofauti. "Programu iwe ya haraka" ni matamanio tu. "Risiti ionekane ndani ya sekunde 10 baada ya malipo kuthibitishwa" inapimika.

Vigezo vikizidi kuongezeka, hadithi imekuwa kubwa na inafaa ikatwe. Kuikata kwa kutengeneza skrini wiki hii na seva wiki ijayo hakumpi mwanachama chochote cha kutumia. Ni afadhali kuanza na kulipa hisa nzima, kisha kulipa kidogo kidogo kuwe hadithi nyingine. Kigezo cha mtandao kukatika, hata hivyo, hakiahirishwi, kwa kuwa bila hicho hata hiyo hisa nzima haiwezi kulipwa kwa usalama.