Kushinda Mara Nyingi, na Konte Inashuka

Mu gripu za watsapu za foreks kuko neno moja linarudi kila siku: "Mimi ninashinda 82 kwa 100." Batu wanasoma, wanaona huyu ni fundi, wanatuma pesa amufundishe. Inawezekana hata hasemi uongo. Lakini ile namba peke yake haituambie kama konte yake inapanda ao inashuka.

Tuchukue mufano. Mutu anafanya EUR/USD na loti ndogo ya 10 000, pale pipu moja iko na thamani ya dola 1. Akiona faida ya dola 10, anafunga mbio, juu anaogopa isirudi. Bei ikienda kinyume, anangojea. Stopu yake iko mbali, pipu 50. Mu pozisio 50 ameshinda 41, amepoteza 9. Hiyo njo 82 kwa 100. Sasa hesabu: 41 mara 10 ni dola 410. 9 mara 50 ni dola 450. Ameshinda karibu kila siku, na konte imeshuka dola 40.

Sisi ba agronomi tunajua hii mambo. Mbegu inaweza kuota vizuri sana, lakini kama kila hindi linatoa punje kidogo, gunia halijai. Hesabu ya mbegu zilizoota haitoshi, unapima pia kilo.

Kwa hiyo batu wa kazi hii wanaunganisha vitu vitatu mu namba moja yenye inaitwa esperansi, ni kusema: kwa wastani, kila pozisio inakuachia ngapi?

```
E = (kushinda × faida ya wastani) − (kupoteza × hasara ya wastani)
E = (0,82 × 10) − (0,18 × 50) = 8,2 − 9 = −0,8
```

Kila mara anapofungua pozisio, anaacha senti 80 za dola, hata siku ile anafurahi. Na hasara ya 50 kwa faida ya 10 inamuomba ashinde zaidi ya 83 kwa 100 (50 gawa kwa 60) ili asipoteze. Yeye iko na 82. Anakosa kidogo tu, lakini anakosa.

Mwenzake anashinda mara 20 tu juu ya 50. Mu gripu watamucheka. Lakini faida yake ya wastani ni dola 30, hasara ni 15. 0,40 mara 30 ni 12. 0,60 mara 15 ni 9. Inabaki dola 3 kwa kila pozisio, dola 150 kwa zote 50. Yeye alihitaji tu kushinda zaidi kidogo ya 33 kwa 100. Shida yake ni ya roho: kupoteza mara 5 ao 6 mufululizo kwake ni kitu cha kawaida, na batu wengi wanaacha ama wanabadilisha mufumo palepale.

Pale njo pa kuangalia vizuri, juu esperansi nayo inadanganya kama data ni kidogo. Rudia ule wa kwanza. Tuseme pozisio moja tu kati ya zile 9 ingegeuka ushindi: 42 mara 10 ni 420, 8 mara 50 ni 400. Sasa iko na faida ya dola 20! Pozisio moja imebadilisha jibu kutoka hapana kuwa ndiyo. Kwa yule wa pili, inaomba ushindi 4 ugeuke hasara ndipo aanguke chini ya sufuri. Kwa hiyo mutu akikuonyesha pozisio 20 za mwezi mumoja, hata hesabu ikiwa nzuri, mimi ninaona haijathibitisha kitu. Jaribu pia kuondoa ile faida moja kubwa kuliko zote. Kama esperansi inaanguka, haukuwa mufumo, ilikuwa siku moja ya bahati.

Kuko tena mambo mbili zenye zinafichwa. Ya kwanza ni spredi. Kama ni pipu 1 na haujaihesabu, ule wa pili anatoka dola 3 na kubakia na 2, na wa kwanza anashuka mpaka kupoteza 1,8. Ukiacha pozisio ilale usiku, riba ya usiku nayo inaweza kukata.

Ya pili njo mbaya zaidi: pozisio zenye hazijafungwa. Mutu anafunga faida zote, anaacha hasara zikae wazi wiki na wiki, halafu anahesabu zile zilizofungwa peke yake. Mu kaye yake ushindi unakaribia 100 kwa 100. Ukimuona mutu wa vile, usiangalie kwanza historia. Muombe akuonyeshe mistari miwili kwenye skrini, solde na equity. Solde ikiwa 500 na equity 310, zile dola 190 ni hasara yenye haijaandikwa, na inapaswa kuingia mu hesabu kama vile imefungwa leo.