Geuza Mfuko Kabla ya Kuloweka

Suruali nyeusi ya shule imeanikwa kambani, na kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo imejaa vipande vyeupe. Sweta ya bluu iliyofuliwa nayo iko vivyo hivyo, na buibui la mama ndilo lililoshika vingi zaidi. Mara nyingi chanzo cha haya yote ni karatasi moja tu ya tishu iliyosahaulika mfukoni. Nguo haziharibiki, lakini kazi inaongezeka maradufu: kila moja itakung'utwa na kupanguswa peke yake, na pengine irudi kwenye maji. Pale ambapo maji hununuliwa kwa dumu, kufua mara ya pili ni gharama inayoonekana.

Ili kuelewa jinsi karatasi moja inavyochafua nguo sita, tuangalie imetengenezwaje. Tishu ni nyuzi fupi za mti, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya milimita 1 na 3. Hazikusokotwa wala kufumwa kama nyuzi za kitambaa. Zimelazwa moja juu ya nyingine zikiwa mbichi, zikashikana zilipokauka kiwandani. Maji yakipenya kati yake, zinaachiana. Karatasi ya chooni hutengenezwa makusudi iachiane upesi ili isizibe mabomba, kwa hiyo mfukoni hugeuka uji. Tishu za boksi na za pakiti ndogo mara nyingi hutiwa dawa ya kustahimili unyevu kwa sababu ni za kufutia pua na mikono. Hizo hukatika vipande kwanza, kisha vipande vikazidi kusagika kadiri nguo zinavyosuguliwa. Tishu moja ina uzito wa takriban gramu 1 tu, lakini ndani ya gramu hiyo kuna mamilioni ya nyuzi.

Nyuzi hizo haziichagui nguo nyeusi. Zinatua pia kwenye shati jeupe lililofuliwa siku hiyo, ila humo hazionekani. Tofauti ya rangi ndiyo inayoifichua nguo nyeusi. Aina ya kitambaa nayo ina mchango wake: mahameli, kodrai na sweta zina malaika wanaonasa kila kinachopita, na poliesta ikikauka katika hewa kavu hupata umeme tuli unaovuta nyuzi hata baada ya nguo kutolewa kambani. Ndiyo maana buibui la poliesta linaweza kuingia kabatini likiwa safi na kutoka likiwa na vumbi la taulo.

Tambua kwanza ni kitu gani

Si kila cheupe ni tishu, na dawa ya kimoja haifai kwa kingine. Chukua kipande kimoja ukisugue kati ya vidole. Kikivunjika na kuwa unga au vipande vidogo zaidi, hiyo ni karatasi. Kikijiviringisha kikawa kidonge laini, tena kina rangi ya taulo, blanketi au fulana fulani, hizo ni nyuzi za nguo nyingine. Kikiwa kirefu, chembamba, na kinajinyoosha ukikipinda, hayo ni manyoya ya paka au mbwa.

Kuna vitu viwili zaidi vinavyowapotosha watu. Cha kwanza ni michirizi myeupe inayotoweka ukiigusa kwa kidole chenye maji: hiyo ni sabuni ya unga ambayo haikuyeyuka au haikusuuzwa vizuri, na inahitaji maji safi tu. Cha pili ni vidonge vidogo vilivyoshikamana na kitambaa chenyewe, hasa makwapani na kati ya mapaja. Hivyo ni nyuzi za nguo hiyo hiyo zilizojifunga kwa kusuguana, na brashi haitaviondoa hata ukipangusa mchana kutwa. Hukatwa kwa uangalifu, kimoja kimoja.

Mfuko unakaguliwa kwa kugeuzwa

Wengi hukagua mfuko kwa kuupapasa kwa nje, na hapo ndipo tishu inapopita. Karatasi iliyolaliwa na kukaliwa siku nzima huwa bapa kama kitambaa, na mkono hauihisi. Njia ya uhakika ni kuingiza mkono, kushika kona ya chini ya mfuko na kuuvuta wote nje. Kona hiyo ndiyo yenye mkusanyiko wa nyuzi, mabaki ya risiti na tiketi za daladala. Ikung'ute nje ya beseni, si juu yake. Mfuko uache ukiwa umetoka nje hadi nguo ikauke, kwa sababu unasuuzika vizuri na unakauka upesi.

Mifuko isiyogeuka inahitaji kidole. Jinzi ina kijifuko kidogo ndani ya mfuko wa kulia, na humo huingia karatasi iliyokunjwa mara nne. Mifuko ya nyuma nayo haitoki nje. Shati lina mfuko wa kifuani, kanzu ina mifuko ya ubavuni, na koti lina mfuko wa ndani ambao hata mwenyewe huusahau. Kisha kuna mahali ambapo hapana mfuko kabisa lakini pana tishu: ndani ya mkono wa sweta ya mtoto mwenye mafua, kwenye kofia ya jaketi, ndani ya sidiria, na katika fundo la pembe ya khanga ambamo noti na tishu hufungwa pamoja. Fundua kila fundo kabla ya kuloweka.

Kazi hii ikiachwa kwa anayefua peke yake, atakosea, kwa kuwa hajui nani alikuwa na mafua wala nani alipokea risiti. Anayejua ni aliyeivaa nguo. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa ukaguzi ni kwenye tenga la nguo chafu: mtu akivua, ageuze mifuko nje hapo hapo. Anayefua sasa ana alama ya kumwongoza. Nguo ambayo mifuko yake iko nje imeshakaguliwa. Ambayo mifuko iko ndani, aikague mwenyewe. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuifuata kanuni hiyo.

Baada ya mifuko, igeuze nguo nyeusi yote iwe ndani nje. Kama kipande kitaponyoka, kitatua upande usioonekana, na rangi ya upande wa nje haitapauka upesi kwa jua na msuguano.

Mpangilio unaoichafua nguo nyeusi

Katika nyumba nyingi maji ya sabuni hutumika kwa zamu: nyeupe kwanza, za rangi zikifuata, nyeusi mwisho. Mpangilio huo unalinda nyeupe zisishike rangi, na kwa hilo ni sahihi. Lakini unaiumiza nguo nyeusi, kwa sababu inaingia katika maji ambayo taulo, fulana na shuka zimeshaachia nyuzi zake.

Tuchukue mfano wa fua moja ya Jumamosi: taulo mbili nyeupe, fulana tatu, khanga mbili, suruali mbili nyeusi za shule, sweta moja na buibui moja. Fulana zinaanza, kwani hutoa nyuzi chache kuliko taulo. Khanga zinafuata, zikiwa si mpya zenye kuchuja rangi. Suruali, sweta na buibui zinaingia baada yake, zikiwa ndani nje, katika maji hayo hayo yaliyochujwa kwa kitambaa chepesi juu ya ndoo nyingine. Taulo zinangoja mwisho na kupewa maji yake, maana hizo ndizo zinazotoa nyuzi nyingi kuliko zote, hasa zikiwa mpya. Ongezeko la gharama ni maji ya beseni moja la taulo, nayo ni machache kuliko ya kufua upya nguo nne nyeusi.

Namna ya kusuuza nayo ina uzito wake. Ukiinamisha beseni kumwaga maji huku nguo zikibaki chini, nguo hizo zinakuwa chujio: maji yanatoka, nyuzi zinabaki juu yake. Inua nguo kwanza, moja moja, nyuzi zikiwa bado zinaelea, ndipo umwage. Mashine ina tatizo hilo hilo wakati wa kukamua, kwani maji hutoka kwa kupita kwenye nguo zilizobanwa ukutani mwa pipa. Ndiyo sababu mashine iliyojazwa pomoni hutoa nguo zenye nyuzi nyingi. Maji ni machache, na hakuna nafasi ya kuzichukua. Acha nafasi ya kiganja juu ya nguo. Mashine ya mapipa mawili ina kijifuko cha wavu ndani ya pipa la kufulia. Kitoe na kukigeuza kila baada ya kufua. Ile yenye mlango mbele huwa na chujio nyuma ya kifuniko kidogo chini. Chujio likijaa, maji hutoka polepole na uchafu unabaki kwenye nguo.

Manyoya hayangoji maji

Kwa manyoya ya wanyama ukaguzi wa mifuko hausaidii, na kosa kubwa ni kutegemea maji yayaondoe. Juu ya kila unywele kuna magamba madogo sana yanayopandana. Unywele ukilowa na kusuguliwa, hujipenyeza katika mfumo wa kitambaa na kujisokota na mingine. Yaondoe nguo ikiwa kavu: ikung'ute nje, kisha vaa glavu ya mpira iliyolowa kidogo na uipitishe kuelekea upande mmoja tu. Manyoya yatajikusanya kuwa kitita unachokiokota kwa mkono. Ukienda mbele na nyuma unayarudisha ulikoyatoa.

Ikiwa imeshatokea

Usiisugue nguo mbichi. Tishu iliyolowa ikisuguliwa husambaa na kuingia kati ya nyuzi. Okota vipande vikubwa, anika, na usubiri nguo ikauke kabisa. Ikung'ute kwa nguvu mbali na kamba yenye nguo nyingine, ukisimama upande ambao upepo unatoka. Vingi vitaanguka hapo. Vilivyobaki vipanguse kwa brashi ya nguo, au zungusha selotepu kiganjani, upande wa gundi ukiwa nje, na ugonge badala ya kuburuta.

Kabla ya kufua tena, futa beseni kwa kitambaa chenye maji. Kwenye mashine pangusa pipa na mikunjo ya mpira wa mlango, osha chujio, kisha izungushe ikiwa tupu kwa maji ya kusuuza tu. Hatua hii ikirukwa, tishu ya Jumamosi hii itaonekana kwenye suruali za Jumamosi ijayo, hata kama mifuko yote iligeuzwa.