Mbuni Wawili na Hesabu ya Silabi

Andika neno mbuni kwenye karatasi, kisha mpe mtu asome kwa sauti. Akidhani ni yule ndege mkubwa asiyeruka, atasema neno lenye silabi mbili: mbu-ni. Akidhani ni mti wa kahawa, au mtu aliyebuni kitu, atatamka silabi tatu: m-bu-ni. Herufi ni zilezile tano na mpangilio ni uleule, lakini hesabu imebadilika. Ndiyo maana anayetaka kugawa neno katika silabi hawezi kutegemea macho peke yake. Sikio ndilo linaloamua, na katika Kiswahili sikio lina msaidizi wa kuaminika, yaani mkazo.

Tuanze na sehemu za silabi. Silabi kamili ina sehemu tatu: mwanzo, kiini na tamati. Kiini ndicho kinachobeba sauti, kwa kawaida irabu, na bila kiini hakuna silabi. Mwanzo ni konsonanti inayotangulia kiini, na tamati ni konsonanti inayokifuata. Chukua neno baba. Silabi ya kwanza ina mwanzo b na kiini a, na ya pili vilevile. Hakuna tamati popote. Silabi kama hiyo, inayoishia na kiini chake, huitwa silabi huru. Yenye tamati huitwa silabi funge, na tutaifikia baadaye kwa sababu Kiswahili huiazima zaidi kuliko kuizaa.

Mwanzo nao si lazima. Neno oa lina silabi mbili, o na a, na zote mbili ni viini vitupu. Hapa ndipo wengi hukosea mara ya kwanza, wakidhani irabu zinazofuatana huungana kuwa silabi moja. Katika Kiswahili kila irabu ni kiini chake: chu-i, sa-a, ko-ndo-o, i-ju-ma-a. Sikiliza kondoo uone mkazo unakaa wapi. Unakaa kwenye o ya kwanza kati ya zile mbili za mwisho, kwa kuwa katika maneno mengi ya Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kama ile oo ingekuwa silabi moja ndefu, mkazo ungerudi nyuma hadi ko. Jaribu sasa neno refu kidogo, nitakuambia. Jibu ni ni-ta-ku-a-mbi-a, silabi sita.

Kabla ya kusonga mbele, tuondoe mtego wa maandishi. Herufi ch, sh, th, dh, gh, ny na ng' huandikwa kwa alama mbili au tatu, lakini kila moja ni sauti moja. Kwa hiyo ng'ombe ni ng'o-mbe, na mwanzo wa silabi ya kwanza ni konsonanti moja tu. Mwanzo unaweza pia kuwa mzito kwa kuongezewa w au y: kwa, pya, nywa. Neno kunywa ni ku-nywa, na mgonjwa huishia na silabi njwa, ambayo mwanzo wake una nj pamoja na w.

Sasa turudi kwenye m, kwani ndiyo inayosumbua. M ya mtu si mwanzo wa silabi tu. Ni silabi nzima, na m yenyewe ndiyo kiini. Asili yake ni kiambishi mu, ambacho kimedondosha irabu lakini hakikupoteza nafasi yake. Mabaki ya mu hiyo tunayaona katika muuguzi na muumba, na mbele ya irabu nyingine hugeuka mw, kama katika mwalimu na mwimbaji. Wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi bado husema mutoto. Ukilinganisha mu-to-to na m-to-to utaona kwamba irabu imeondoka lakini hesabu imebaki tatu.

M ya mbuzi ni kitu kingine kabisa. Hiyo imeshikamana na b na kuwa mwanzo mmoja, kama nd ya ndizi, nj ya njaa na nz ya nzige. Utazitofautishaje? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuangalia ngeli. Mbuni wa kahawa huwa mibuni wakiwa wengi, na mbuni mtu huwa wabuni. M inang'oka na kubadilishwa, kwa hiyo ni kiambishi, na kiambishi hicho ni silabi. Mbuni ndege habadiliki katika wingi, kwani m yake ni sehemu ya mb. Tofauti hiyohiyo husikika katika sifa: mtu mbaya ana m-ba-ya, nyumba mbaya ina mba-ya.

Njia ya pili ni mkazo, nayo inaeleza jambo ambalo ngeli pekee haielezi. Tazama mbu na mbuni ndege. Yote mawili huanza na mb ileile, wala hakuna kiambishi mu hapo. Hata hivyo mbu hutamkwa m-bu, silabi mbili, na mkazo umekaa juu ya m. Sababu ni kwamba mkazo unataka silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye irabu moja halina silabi hiyo ya kuutoa. M inalazimika kujitenga na kuwa kiini. Ndivyo ilivyo kwa m-bwa, n-zi, n-ge, m-vi na n-je. Neno likirefuka, haja hiyo inakwisha na sauti zinashikamana tena: nzi ni n-zi, lakini nzige ni nzi-ge.

Kuna tahadhari moja. N ya nchi haishikamani hata neno likirefuka, na nchini ni n-chi-ni. Kushikamana huko ni kwa konsonanti zenye ghuna, yaani zile zinazotikisa koo, kama b, d, g, j, v na z. Mbele ya p, t, k, ch na s, ambazo hazitikisi koo, m au n hubaki peke yake: m-pi-ra, m-ti, n-ta, m-ke.

Washairi wa jadi waliyajua haya kwa sikio kabla hayajaingia katika vitabu vya isimu. Shairi la kawaida huwa na mizani 16 katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na mizani ni silabi hizi hizi. Hesabu kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi tu: Mbwa wetu amelala. M-bwa-we-tu-a-me-la-la, nane kamili. Anayehesabu irabu peke yake atapata saba na kudai kipande kimepungua. Badala ya mbwa tia mbuzi, na mizani bado ni nane, mbu-zi-we-tu-a-me-la-la, ingawa sasa m haihesabiki.

M hii hujificha pia katikati ya neno. Linganisha kumbatia na kumbeba, kama katika kumbeba mtoto. La kwanza ni ku-mba-ti-a, kwani mb ni sehemu ya mzizi. La pili ni ku-m-be-ba, kwani m inamrejelea mtoto anayebebwa. Yote mawili yana silabi nne, ila mipaka haifanani. Kwa maneno ya aina hii, changanua viambishi kwanza, kisha ndipo ukate silabi. Ukiona kwenye gazeti nyumba imekatwa mwishoni mwa mstari ikawa nyum-ba, ujue aliyekata, awe mtu au mashine, alifuata kanuni ya lugha nyingine. Mpaka wake ni nyu-mba.

Tumefika kwenye tamati. Maneno ya Kibantu katika Kiswahili huishia na irabu, na yaliyoingia kutoka Kiarabu mara nyingi yalifunguliwa yafuate desturi hiyo. Kitab kikawa kitabu, qalam ikawa kalamu, bahr ikawa bahari, waqt ikawa wakati. Irabu ziliongezwa palipokuwa na konsonanti iliyobaki bila kiini. Lakini si zote zilizofunguliwa. Labda ni lab-da: silabi ya kwanza ina mwanzo l, kiini a na tamati b. Vivyo hivyo mak-ta-ba, dak-ta-ri, kar-ne, al-ma-si. Anayesema dakitari ameiondoa tamati na kuongeza silabi moja, kazi ileile iliyofanywa zamani kwa wakati.

Konsonanti mbili zikikutana katikati ya neno, moja iende nyuma au zote ziende mbele? Kanuni ya kazi ni hii: zipeleke zote mbele, almuradi kuna neno la Kiswahili linaloweza kuanza hivyo. Hakuna neno linaloanza na kt, kwa hiyo k ya daktari hubaki nyuma. Yapo maneno yanayoanza na st, kama stadi na starehe, basi bustani ni bu-sta-ni. Wapo wanaosema bus-ta-ni, na sikio peke yake haliwezi kuwaumbua, kwani mkazo uko kwenye ta kwa vyovyote. Mimi naegemea bu-sta-ni kwa sababu ya neno mstari. Hapo m ni silabi yake, s haina irabu ya kuiegemea nyuma, na hakuna njia ila m-sta-ri. Kama sta inakubalika hapo, sioni kwa nini ikataliwe katika bustani. Madrasa nayo ina pande mbili. Anayefuata Kiarabu atasema mad-ra-sa, anayefuata kanuni yetu atasema ma-dra-sa kwa kuwa drama ipo, na sitabishana naye yeyote.

Benki ni mtihani mzuri. N hapa iko mbele ya k, na tumesema n haishikamani na k. Je, ni be-n-ki, silabi tatu? Tamka neno na usikilize. Mkazo uko kwenye e. Kama n ingekuwa silabi, ingekuwa ya pili kutoka mwisho na mkazo ungekaa juu yake. Kwa hiyo n ni tamati: ben-ki. Kompyuta inafuata njia hiyohiyo, kom-pyu-ta, huku silabi ya kati ikiwa na mwanzo mzito py.

Maneno ya mwisho yanachanganya yote. Trekta: tr huanza treni, kt haianzi chochote, kwa hiyo trek-ta, na silabi ya kwanza ina mwanzo tr, kiini e na tamati k. Programu: gr huanza gramu, hivyo pro-gra-mu, bila tamati. Mnywaji: m inang'oka katika wingi wanywaji, basi ni m-nywa-ji. Sijamwambia: m imeungana na w mbele ya a, haina tena hadhi ya kiini, kwa hiyo si-ja-mwa-mbi-a, tano. Mshtakiwa ndilo gumu kuliko yote kwa macho, konsonanti nne za maandishi kabla ya irabu ya kwanza. Ondoa m, kwa kuwa wingi ni washtakiwa. Sh ni sauti moja. Sht huanza shtaka na shtuka, hivyo zote zinakwenda mbele: m-shta-ki-wa, silabi nne, mkazo kwenye ki.