Mkia wa mwanga unaotenganisha nyutroni na miale ya gama

Chanzo kidogo cha mchanganyiko wa amerisiamu na beriliamu kikiwekwa mbele ya chombo cha kupimia mionzi, chombo hupokea wageni wawili kwa wakati mmoja: nyutroni zenye kasi na miale ya gama. Chombo kinachohesabu tu hakiwezi kueleza ni yupi aliyeingia, ilhali tofauti yao ni kubwa. Kwa kiasi kilekile cha nishati kinachobaki mwilini, kanuni za kinga dhidi ya mionzi huhesabu madhara ya nyutroni yenye nishati ya takriban megaelektrovolti 1 kuwa karibu mara 20 ya madhara ya gama. Mpakani nako hali ni hiyohiyo. Miale ya gama hutoka katika mbolea ya potasiamu, katika vigae, hata katika mwili wa msafiri aliyetoka kutibiwa kwa dawa za mionzi. Nyutroni hutoka katika vitu vichache sana, na kimojawapo ni plutoniamu.

Njia ya kuwatenganisha wageni hao ina uhusiano na Afrika Kusini. Mwaka 1959 mwanafizikia Frank Brooks alichapisha maelezo ya chombo kinachoweza kutambua nyutroni na gama kwa kuangalia umbo la mpigo wa umeme wanaouacha. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Cape Town, na utafiti wa nyutroni zenye kasi ukaota mizizi huko. Hadi leo chuo hicho kina maabara ya nyutroni, na nje kidogo ya jiji, katika maabara ya taifa ya iThemba, mashine ya kuongeza kasi ya chembe huzalisha nyutroni zinazotumika kupima usahihi wa vyombo vya aina hii.

Mwanga wa haraka na mwanga wa kuchelewa

Moyo wa chombo ni dutu ya kikaboni, iwe kimiminika, fuwele au plastiki, ambayo hutoa mmemetuko hafifu wa mwanga kila inapopitiwa na chembe yenye chaji. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo yenyewe haiwashi chochote. Hufanya kazi yake kwa kugonga kiini cha haidrojeni, yaani protoni, ambayo husukumwa mbele kama gololi iliyopigwa na nyingine ya uzito uleule. Miale ya gama, kwa upande wake, husukuma elektroni. Kwa hiyo chombo hakioni nyutroni wala gama. Kinachoonekana ni protoni au elektroni iliyosukumwa.

Chembe hizo mbili husafiri kwa namna tofauti kabisa. Elektroni yenye nishati ya megaelektrovolti 1 hupita karibu milimita 4 ndani ya kimiminika kabla ya kusimama. Protoni yenye nishati ileile husimama baada ya takriban milimita 0.02 tu. Nishati sawa, basi, imemwagwa katika njia iliyo fupi karibu mara 200, na molekuli zilizosisimuliwa humo zimesongamana.

Msongamano huo ndio unaoamua umbo la mwanga. Baadhi ya molekuli zilizosisimuliwa huachia mwanga wao ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni moja za sekunde. Nyingine huingia katika hali ambayo haziruhusiwi kutoa mwanga peke yake. Hubaki zimeshikilia nishati, na nishati hiyo huhama kutoka molekuli moja hadi nyingine, mpaka mbili zenye hali hiyo zikutane. Hapo moja hupokea nishati ya mwenzake na ndipo mwanga unatoka. Kukutana huko kunahitaji muda, hivyo mwanga wake huchelewa kwa makumi au mamia ya nanosekunde. Kwenye njia ya protoni, ambako wenye hali hiyo wamerundikana, mikutano ni mingi. Kwenye njia ndefu ya elektroni wametawanyika, na wengi hawakutani kamwe.

Ndiyo maana mpigo wa nyutroni una mkia mnene kuliko mpigo wa gama. Vilele vyao vinaweza kulingana kwa urefu. Tofauti iko nyuma.

Hesabu ya mkia

Tuchukue kimiminika kinachofahamika sana katika maabara kwa jina la NE-213, kikiwa ndani ya chupa iliyounganishwa na mrija wa kukuza mwanga. Mrija huo hugeuza mmemetuko kuwa mpigo wa umeme, na kifaa cha kielektroniki huandika kimo cha mpigo kila baada ya nanosekunde 2. Kompyuta hujumlisha mara mbili: kwanza mpigo mzima, tuseme nanosekunde 200 tangu ulipoanza, kisha mkia peke yake, kuanzia nanosekunde ya 25 hadi mwisho. Jumla ya pili hugawanywa kwa ya kwanza.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gama huweka wastani wa asilimia 12 ya mwanga wake mkiani na nyutroni asilimia 22. Mpigo ukiwa mkubwa, ambapo mrija umenasa chembe 1,000 za mwanga, gama itakuwa na takriban chembe 120 mkiani, zikipungua au kuzidi kwa 10 hivi, na nyutroni 220, kwa kupungua au kuzidi 13. Makundi hayo mawili yako mbali, na mstari unaweza kuchorwa katikati bila wasiwasi.

Mpigo ukiwa mdogo mambo hubadilika. Mrija ukinasa chembe 100 tu, gama itakuwa na 12 mkiani, kwa kupungua au kuzidi 3, na nyutroni 22, kwa kupungua au kuzidi 4. Mpigo wenye chembe 16 au 17 mkiani ni wa nani? Hakuna ajuaye, na hakuna programu iwezayo kuutambua kwa hakika, kwa sababu habari yenyewe haimo. Wataalamu hupima hali hiyo kwa namba moja: umbali kati ya vilele vya makundi mawili, ukigawanywa kwa jumla ya mapana yao yanayopimwa kwenye nusu ya kimo. Katika mfano wa chembe 1,000 namba hiyo ni kama 1.8, katika ule wa chembe 100 hushuka hadi karibu 0.6. Namba 1.27 huchukuliwa na wengi kuwa kiwango cha utenganisho mzuri.

Tatizo hili huiumiza zaidi nyutroni kuliko gama. Msongamano uleule unaonenepesha mkia huzima pia sehemu kubwa ya mwanga wa haraka, hivyo protoni ya megaelektrovolti 1 hutoa mwanga unaolingana na wa elektroni yenye takriban moja ya sita ya nishati hiyo. Anayeweka kizingiti cha juu ili kukwepa mipigo yenye utata anazitupa nyutroni nyingi za nishati ndogo. Tangazo lolote la ubora wa chombo lisilotaja kizingiti chake halina maana kubwa.

Namna ya kujua kama chombo kinakosea

Jaribio la kwanza ni rahisi. Chanzo cha seziamu-137 hutoa miale ya gama bila nyutroni yoyote. Kikiwekwa mbele ya chombo, kila mpigo utakaoangukia upande wa nyutroni, ukiacha zile chache zitokazo angani, ni kosa. Tuseme katika kila mipigo 1,000 ya gama mmoja umevuka mstari. Kosa hilo ni dogo kwa kusikia tu. Mahali penye gama 100 zinazogunduliwa kwa kila nyutroni moja, litaongeza nyutroni ya bandia moja kwa kila kumi za kweli. Mahali penye gama 10,000 kwa nyutroni moja, za bandia zitakuwa mara kumi ya zile za kweli.

Seziamu, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu nyutroni zilizopotea upande wa pili. Kwa hilo hutumika mbio. Chanzo cha amerisiamu na beriliamu mara nyingi hutoa nyutroni na mwale wa gama kwa pamoja. Chombo kimoja kikiwekwa karibu na chanzo ili kuunasa mwale huo, na kingine umbali wa mita moja, saa huanza kuhesabu. Gama nyingine huvuka mita hiyo kwa nanosekunde 3 na kidogo. Nyutroni ya megaelektrovolti 2 huhitaji karibu 51. Hapo mtafiti anajua nani ni nani bila kuutazama mkia, na anaweza kuuhoji mkia kama ulisema kweli.

Adui mwingine ni msongamano wa mipigo. Gama mbili zikifuatana kwa karibu, ya pili huangukia kwenye mkia wa ya kwanza, na mkia hunenepa. Gama 10,000 zikiingia kwa sekunde, uwezekano wa ya pili kuingia ndani ya nanosekunde 200 ni kama asilimia 0.2. Zikiingia 100,000, ni asilimia 2. Dalili yake ni hiyo: chanzo cha seziamu kikisogezwa karibu na sehemu ya makosa ikapanda sambamba na idadi ya mipigo, lawama ni ya msongamano. Sehemu hiyo ikibaki palepale, tatizo liko kwenye dutu, kwenye mrija au kwenye mstari uliochorwa.

Dutu yenyewe pia huharibika. Oksijeni ikiyeyuka ndani ya kimiminika huzipokonya nishati molekuli zile zinazosubiri kukutana, na mkia hukonda kwa wote wawili. Ndiyo sababu watengenezaji hupitisha viputo vya naitrojeni kuifukuza oksijeni kabla ya kuziba chupa. Chombo kilichofanya kazi vizuri kwa miaka kisha makundi yake yakaanza kukaribiana kinapaswa kukaguliwa kwanza kwenye kizibo.

Kimiminika hicho kina hatari nyingine isiyohusu fizikia. Kiyeyushi chake ni zailini, na mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 26 hivi. Katika bandari kama Mombasa au Dar es Salaam hiyo ni joto la siku ya kawaida. Kuna vimiminika vipya vinavyostahimili hadi zaidi ya nyuzi 100, na kuna fuwele za stilbini, ambazo hutenganisha vizuri sana ila ni ghali.

Plastiki, iliyo rahisi na imara kuliko vyote, ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba haifai, kwa kuwa ndani yake nishati iliyonaswa haihami kwa urahisi. Mwaka 2012 watafiti wa maabara ya Livermore, Marekani, wakiongozwa na Natalia Zaitseva, walionyesha kwamba rangi inayong'aa ikiongezwa hadi karibu asilimia 30 ya uzito, molekuli zake hukaribiana kiasi cha nishati kuweza kuhama na kukutana. Mkia ukaonekana. Utenganisho wake kwa kawaida bado uko nyuma ya stilbini, hasa kwenye mipigo midogo.