Uwezo wa joto wa fuwele

Uwezo wa joto wa fuwele ni kiasi cha nishati kinachohitajika ili kupandisha halijoto ya fuwele kwa kelvini moja. Karibu na sifuri halisi (nyuzi −273.15 za selsiasi) kiasi hicho hupungua sana na kuelekea sifuri. Fizikia ya karne ya 19 haikuweza kueleza jambo hili. Maelezo yake yalipatikana katika nadharia ya kwanta.

Kanuni ya Dulong na Petit

Mwaka 1819 Wafaransa Pierre Louis Dulong na Alexis Thérèse Petit walitambua kwamba elementi nyingi zilizo mango zina uwezo wa joto unaokaribiana, yaani takriban jouli 25 kwa kila moli kwa kila kelvini. Baadaye sababu ilionekana kuwa rahisi. Kila atomu ya fuwele hutetemeka mahali pake kana kwamba imefungwa kwa springi, na inaweza kutetemeka katika pande tatu. Kwa fizikia ya kale, kila upande hupata wastani wa nishati kT, ambapo k ni namba thabiti ya Boltzmann na T ni halijoto. Jumla kwa moli moja ni 3RT, hivyo uwezo wa joto ni 3R, wala hautegemei halijoto.

Almasi ilikataa kanuni hii. Kwenye halijoto ya chumba uwezo wake ni takriban jouli 6.1 tu, yaani robo ya thamani iliyotarajiwa. Katika miaka ya 1870 Heinrich Friedrich Weber aliipima kwenye baridi na kwenye joto kali, akaona kwamba thamani hupanda kadiri almasi inavyopashwa moto na hatimaye kukaribia ile ya Dulong na Petit. Kwa hiyo tatizo halikuwa almasi yenyewe, bali halijoto.

Kielelezo cha Einstein

Mwaka 1907 Albert Einstein alidai kwamba mtetemo wa atomu haupokei nishati ya kiasi chochote, bali kwa vipande vizima vya ukubwa hf, ambapo h ni namba thabiti ya Planck na f ni marudio ya mtetemo. Hali hii inafanana na duka ambalo bidhaa ya bei ya chini kabisa ni shilingi 1,000: mwenye shilingi 200 hanunui bidhaa ya shilingi 200, anatoka mikono mitupu. Vivyo hivyo, kT ikiwa ndogo kuliko hf, atomu chache sana hupata kipande hata kimoja, na kuongeza halijoto kidogo hakubadilishi nishati sana. Mitetemo hiyo husemwa kuwa "imeganda".

Atomu za kaboni ni nyepesi na viungo vyake katika almasi ni vigumu sana, kwa hiyo f yake ni kubwa. Uwiano hf/k huitwa halijoto ya Einstein, θ, na kwa almasi ni takriban kelvini 1,320. Kanuni yake ni:

C = 3R x² eˣ / (eˣ − 1)², ambapo x = θ/T

Kwenye kelvini 298, x ni 4.43, na hesabu inatoa karibu jouli 6.0. Hii inakaribia sana thamani iliyopimwa. Risasi ni kinyume chake: atomu zake ni nzito na viungo vyake ni laini, hivyo kwenye halijoto ya chumba inafuata kanuni ya kale bila shida.

Marekebisho ya Debye

Kasoro ilionekana kwenye baridi kali. Kwa almasi ya kelvini 50, kanuni ya Einstein inatoa chini ya sehemu moja ya milioni ya jouli, wakati uwezo halisi ni takriban jouli 0.02. Einstein alikuwa ameipa kila atomu marudio yaleyale, kana kwamba haina habari na jirani zake. Kumbe atomu zimeungana, na hutetemeka pamoja kama mawimbi ya sauti. Wimbi refu lina marudio madogo, hivyo kipande chake cha nishati ni kidogo na hupatikana hata kwenye baridi kali.

Mwaka 1912 Peter Debye alihesabu mawimbi hayo. Kwa kuwa fuwele ina pande tatu, idadi ya mawimbi ambayo hayajaganda hulingana na T³. Kila moja hubeba nishati ya kadiri ya kT, hivyo nishati yote hulingana na T⁴ na uwezo wa joto na T³. Halijoto ikipunguzwa nusu, uwezo wa joto hubaki sehemu moja ya nane.

Katika metali, elektroni huru huongeza sehemu inayolingana na T yenyewe. Kwa kawaida ni ndogo mno, lakini hupungua polepole kuliko T³. Katika shaba huipita sehemu ya mawimbi chini ya takriban kelvini 4.